Owari, bao la kujifunza au bao la kunamua: lipi litakufundisha kuhesabu mbele?

Ukikaa kwenye kijiwe cha bao Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya, mgeni anayetaka kujifunza huambiwa jambo lile lile: aanze na bao la kujifunza, yaani kete mbili kila shimo, halafu akizoea ndipo afundishwe kunamua, yaani bao kamili ambalo kete huingizwa ubaoni moja moja kutoka mkononi. Walimu wenye klabu za michezo shuleni nao huulizia mchezo wa mashimo ambao mtoto ataumudu kwa siku moja, na wengi huishia kwenye ule wa mistari miwili unaopatikana kwenye simu. Hapa tunalinganisha michezo mitatu kwa kigezo kimoja: ni upi unaomfundisha mtu kuona kete itaishia wapi kabla hajaigusa, na kuona jibu la mwenzake baada ya hapo. Kwa kigezo hicho, ushauri wa kuanza na bao la kujifunza hatuukubali, na sababu tutazionyesha kwa namba.

Ule wa simu tuupitie haraka. Ni kalaha, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Champion mwaka 1940. Una mashimo sita kila upande na ghala moja kila mwisho, na kete ya mwisho ikiangukia ghalani kwako unacheza tena. Kinachozoewa humo zaidi ni kutafuta zamu za ziada, na kuhesabu ulaji hubaki nyuma. Anayetaka kuingia kwenye bao hautamfaa sana, kwa hiyo mchezo wa mistari miwili tunaoulinganisha hapa ni owari, wa Afrika Magharibi.

Owari ina mashimo 12, sita kwako na sita kwa mwenzako, na kete 48, nne kila shimo. Unazoa shimo lako moja na kusambaza kete moja moja kinyume na saa, na kete ya mwisho ikishatua zamu imekwisha, hata kama shimo lilikuwa na kitu. Unakula pale tu kete ya mwisho inapotua kwa mwenzako na kulifanya shimo hilo liwe na kete 2 au 3. Ukishakula unatazama shimo la nyuma yake: nalo likiwa na 2 au 3 unalila, na kuendelea hivyo hadi utakapokuta shimo lisilofaa. Zilizoliwa zinatoka mchezoni, na wa kwanza kufikisha 25 ameshinda.

Hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Yape mashimo yako namba 1 hadi 6 kutoka kushoto, na ya mwenzako 7 hadi 12 kwa kuzunguka. Shimo la 4 lenye kete 5 litaishia la 9, kwa kuwa nne na tano ni tisa. Tuseme shimo la 9 lilikuwa na kete 1, la 8 lilikuwa na 2 na la 7 lilikuwa na 4. Baada ya kusambaza, la 9 lina 2, la 8 lina 3 na la 7 lina 5. Unakula 2, unakula 3, na unasimamia hapo kwa sababu 5 hailiwi. Umepata tano, na ubao mzima uliobaki unaweza kuusoma kwa jicho. Mtoto wa darasa la nne anaifanya hesabu hiyo. Angalizo ni moja: shimo likiwa na kete 12 au zaidi, unaporudi pale ulipoanzia unaliruka, hivyo mwisho unasogea hatua moja mbele. Wengi hulisahau hilo na hukosa shimo kwa nafasi moja.

Kwa sababu kila zamu ni mkupuo mmoja, yaani kuzoa na kusambaza mara moja tu, kuona zamu tatu au nne mbele kwenye owari ni jambo la mazoezi ya wiki chache. Kompyuta nayo imeumaliza: mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walipitia hali zote zinazoweza kutokea, zaidi ya bilioni 889, wakakuta kwamba pande zote zikicheza bila kosa mchezo ni sare. Hilo halimpunguzii utamu mchezaji wa kawaida. Linaonyesha tu kwamba mchezo huu unahesabika hadi mwisho.

Bao letu ni kitu kingine. Lina mashimo 32 kwa mistari minne, mistari miwili kwako na miwili kwa mwenzako, na kete 64. Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza, kete ya mwisho ikitua kwenye shimo lenye kitu, zamu haijaisha: aidha unakula shimo la mbele la mwenzako linalotazamana nalo, au kama hilo ni tupu unazoa zote ulipotua na kuendelea. Unalala pale tu kete ya mwisho inapokuta shimo tupu. Pili, ulichokula hakitoki ubaoni. Unakisambaza kwako papo hapo kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wako wa mbele, na mkupuo huo nao unaweza kula tena.

Hapo ndipo mwanafunzi anapochanganyikiwa, na hapo hapo ndipo kuna kanuni moja inayorahisisha kazi nzima. Ukila, mahali utakapoishia hakutegemei shimo ulilolia. Kunategemea idadi ya kete ulizokula na kichwa unachoanzia, basi. Yape mashimo yako ya mbele namba 1 hadi 8 kutoka kushoto. Ukila 3 na kuanzia kichwa cha kushoto utaishia shimo la 3, na ukila 5 utaishia la 5. Ukianzia kulia, toa idadi kwenye 9: ukila 3 utaishia la 6, ukila 5 utaishia la 4. Ukila zaidi ya 8 mkupuo unapinda kona na kuishia mstari wa nyuma, ambako hakuna kula moja kwa moja. Anayeijua kanuni hii haanzi kuhesabu kete moja moja kwa macho. Anasoma idadi ya kete za mwenzake na kujua papo hapo atatua wapi.

Wakati wa kunamua, kichwa unachagua mwenyewe ukila mara ya kwanza katika mashimo ya katikati, la 3 hadi la 6. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi, na ukila ukiwa kimbi ya kushoto, la 1 au la 2, lazima uanzie kushoto. Kimbi ya kulia, la 7 au la 8, lazima uanzie kulia. Baada ya ulaji wa kwanza unashika upande ule ule hadi kimbi ikulazimishe kugeuka.

Sasa tuangalie bao la kujifunza linavyoanza. Kila shimo lina kete 2, hakuna kete mkononi, na mchezaji anazoa shimo lolote lenye kete mbili au zaidi kwenda upande wowote. Ina maana mwanafunzi ana mashimo 16 na pande mbili kila moja, njia 32 za kuangalia kabla hajacheza zamu yake ya kwanza. Tufuate moja tu.

Unazoa shimo la 3 kwenda kulia. Kete zinaingia la 4 na la 5. La 5 lilikuwa na kitu na mbele yake kuna 2, unazila na kuanzia kichwa cha kushoto ili uendelee kwenda kulia: la 1, la 2. Unaishia la 2, mbele yake kuna 2, unazila, na kwa kuwa uko kimbi ya kushoto unaanza tena la 1, la 2. Shimo la 2 sasa lina kete 4, lakini mbele yake umeshakula, ni tupu. Kwa hiyo unazoa hizo 4 na kuendelea: la 3, la 4, la 5, la 6. Mbele ya la 6 kuna 2, unazila, unaanzia la 1, unaishia la 2. Shimo la 2 uliliacha tupu ulipolizoa. Umelala.

Ni mikupuo mitano na kete sita zilizoliwa, kwenye zamu ya kwanza kabisa ya mchezo. Katika njia hiyo moja mwanafunzi alitakiwa kukumbuka mambo mawili yasiyoonekana ubaoni kabla ya kucheza: kwamba shimo la mwenzake la 2 litakuwa limeshaliwa atakaporudi pale, na kwamba shimo lake la 2 litakuwa tupu mara ya tatu atakapolifikia. Hakuna anayeanza leo atakayeyashika hayo kichwani. Anachofanya ni kuzoa shimo lolote, kusambaza na kuona itakavyokuwa. Mikono inajifunza kutembea, akili inapumzika, na mazoea ya kucheza bila kuhesabu yakishaota ni kazi kuyang'oa.

Bao kamili, lenye kunamua, lina sheria nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo watu huliogopa. Ila litazame linavyoanza. Kila mchezaji anaweka kete 10 tu ubaoni: 6 kwenye nyumba, ambayo ni shimo la 5 kutoka kushoto kwake, na 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia, la 6 na la 7. Kete 22 zinabaki mkononi, na kila zamu unaingiza moja kwenye shimo la mbele lenye kitu. Kama mbele ya shimo hilo mwenzako ana kete, unakula. Kama huwezi kula popote unatakata, yaani unazoa shimo ulilowekea kete na kusambaza kushoto au kulia, na zamu hiyo yote hutakula.

Kwa kuwa nyumba za wawili hazitazamani, anayeanza hana cha kula, na nyumba haizolewi wakati mashimo mengine yana kete. Anazo njia nne tu: la 6 kushoto au kulia, la 7 kushoto au kulia. Zote nne zinalala kwa mkupuo mmoja. Ukitakata la 6 kushoto unaacha kete moja la 3 na moja la 4, mbele ya kete za mwenzako, na anaweza kuzila. Ukitakata la 7 kushoto unaacha moja tu la 4, uso kwa uso na nyumba yake. Ukienda kulia kwa lolote kati ya hayo mawili hujamwachia cha kula. Mwanafunzi anaweza kuzihesabu zote nne hadi mwisho na kueleza kwa nini amechagua moja. Njia nne dhidi ya thelathini na mbili: hiyo ndiyo sababu yetu ya kusema bao la kunamua ni darasa bora la kuhesabu, mradi uwe na mtu wa kukuelekeza sheria.

Na ugumu unaongezeka polepole, kete moja kila zamu. Tuchukue hali ya mazoezi baada ya zamu saba, wewe ukiwa uliyecheza wa pili, una kete 19 mkononi, na mistari ya nyuma ikiwa mitupu. Mashimo ya mwenzako tunayaita kwa namba ya shimo lako linalotazamana nalo, hivyo nyumba yake iko la 4.

Mwenzako: 1, 4, 2, 7, 0, 3, 0, 0
Wewe: 0, 1, 2, 0, 6, 1, 0, 0

Unaweza kula kwa kuingiza kete la 2, la 3 au la 6. Ukianza na la 2 unakula 4, kimbi inakulazimisha kushoto, unaishia la 4 lililo tupu, umelala na kete 4. Ukianza na la 3 unakula 2, na ukienda kushoto unaishia la 2, unakula 4, unaishia la 4, umelala na kete 6. La 3 kwenda kulia linalala mara moja kwenye la 7, kwa kete 2 tu.

La 6 ndilo lenye mambo. Unakula 3. Ukianzia kushoto unaishia la 3, ambako mbele kuna 2: unazila. Mbili kutoka kushoto zinaishia la 2, ambako mbele kuna 4: unazila. Nne zinaishia la 4, tupu, umelala. Tatu, mbili na nne ni tisa, na nyumba yako hujaigusa.

Ukianzia kulia, tatu toa kwenye tisa, unarudi la 6 lile lile, na mbele yake sasa ni tupu. Unazoa kete 3 zilizopo: la 5, la 4, la 3. Mbele ya la 3 kuna 2, unazila, na kutoka kulia zinaishia la 7, ambalo umeshaliwekea kete moja muda mfupi uliopita. Mbele yake ni tupu, unazoa 2, moja la 6, moja kwenye nyumba. Hapo una hiari: kusimama, au kuizoa nyumba yote na kuendelea, yaani kwenda safari. Tuseme umesimama. Umekula 5.

Tisa dhidi ya tano. Wengi wangeacha kuhesabu hapo. Hesabu zamu moja zaidi. Baada ya njia ya kushoto una kete 3 la 1 na 1 la 4. Mwenzako anaingiza kete kwenye nyumba yake na kula ile 1 ya la 4. Kete moja inaishia kichwani, na akichagua kichwa kilicho la 1, pale ana kete tayari na mbele yake una 3. Anazila, anazisambaza la 1, la 2, la 3, na kwa kuwa la 3 ulilila ni tupu, analala. Amekunyang'anya nne. Faida yako ya tisa imebaki tano.

Baada ya njia ya kulia, la 1 lako ni tupu. Akila ile moja ya la 4 na kuanzia kichwa kile kile, mbele yake hakuna kitu. Anazoa kete mbili, anafika la 3 tupu, analala. Akila ile moja iliyo la 2, anafika pale pale. Vyovyote vile hapati zaidi ya moja. Faida yako ya tano imebaki nne.

Kwa hiyo pengo la kete nne limekuwa la kete moja. Bado tungechagua kushoto, kwa sababu baada ya jibu lake zamu ni yako, una kete 4 la 2 na 4 la 3, na mbele ya yote mawili ana moja moja za kuliwa. Lakini mchezaji asiyehesabu jibu angeamini ameshinda nusu ya mchezo, kumbe ameongoza kidogo tu. Ona pia kilichomwezesha mwenzako: kete yake moja pale la 1, iliyoonekana haina kazi. Kabla ya kula, tazama kwanza ana nini kwenye vichwa vyake, maana kila anachokula kinapitia huko.

Makosa ya kuhesabu tunayoyaona kwa wanafunzi yana chanzo kimoja: mtu anahesabu kwa ubao wa mwanzo wa zamu badala ya ubao wa mkupuo alioufikia. Utamtambua kwa anavyoshtuka. Akisema "hapa nilitegemea kula", amesahau shimo la mbele alishalila. Akisema "mbona nimelala", amesahau kwamba shimo hilo alilizoa mwenyewe. Na akisema "sikujua itaendelea", amesahau kete moja aliyoiacha akipita, kama ile ya la 7 hapo juu. Dawa yake ni kumtaka ataje kwa sauti, kabla hajagusa kete, mashimo mawili tu: lipi limekuwa tupu na lipi limepata kete mpya. Kutaja ubao wote hakusaidii.

Kuna mpaka pia. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unaingia mtaji, ambapo unazoa kutoka shimo lolote la mbele au nyuma, kete ni zote 64, na njia zinakuwa nyingi kama kwenye bao la kujifunza. Hapo hata mchezaji mzuri hahesabu kila kitu. Anachagua njia mbili tatu zenye dalili na kuzifuata hadi mwisho. Tofauti yake na mwanafunzi wa bao la kujifunza ni kwamba amefika hapo akiwa na mazoezi ya zamu 44 za kunamua nyuma yake.

Basi chaguo. Kwa klabu ya shule au watoto nyumbani, bila mtu anayejua bao, chukua owari. Trei ya mayai 30 ina safu tano za mashimo sita, kwa hiyo ukikata safu mbili umepata ubao kamili, na maharage 48 yanatosha. Chagua maharage makubwa ya aina moja, na usitumie yaliyotobolewa na wadudu kwa sababu yanapasuka na hesabu inapotea. Kwa anayetaka kukaa na wazee kijiweni, aende moja kwa moja kwenye kunamua, na kwa wiki za mwanzo acheze kete 10 za kwanza za mkononi tu, kisha wapange upya. Bao la kujifunza lina nafasi yake kwa anayeshindwa kukunja kona au kuchanganya kimbi, michezo miwili mitatu ya kuzoesha mikono, kisha aliache. Ubao wa mbao ni bora kuliko mashimo ya ardhini huku kwetu, kwa kuwa kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hazikuachi umalize mchezo nje, na komwe kama hazipatikani, kokoto laini za mtoni zinafaa, ilimradi zilingane ukubwa.

Ukienda kucheza na wageni, hasa Kyela ambako mpaka uko karibu na Wamalawi nao wana bao lao, ulizia mambo matatu kabla ya kete ya kwanza: kete za mwanzo zinapangwaje, ukiishia kwenye nyumba yako una hiari ya kusimama au lazima uende safari, na wakati wa mtaji shimo lenye kete 16 au zaidi linaruhusiwa kuanzisha ulaji au haliruhusiwi. Sisi tunacheza kwamba haliruhusiwi. Jibu la swali la pili peke yake linabadilisha hesabu ya njia ya kulia tuliyoifuata hapo juu, kwa sababu mwenye kulazimishwa safari angezoa kete nane za nyumba, na tano zake zingehesabiwa upya kuanzia la 4.